Wifi, Sijatoka Bado

Watoto wa kituo chetu humwita Shangazi, na sisi wakubwa tumefuata kinywa cha watoto. Ni mwembamba, kidogo amenizidi urefu, na mikono yake haikai. Ukimkuta amekaa, basi ana mtoto mapajani au ana nepi anakunja. Mtoto anayelia kwa kila mtu, kwake hunyamaza. Mimi napika uji, yeye anawanywesha watoto, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kumsikia akimfokea mtoto wa mwenzake. Mungu humpa kila mtu kipawa chake.

Lakini kwa jamaa zake ana jina jingine. Kule wanamwita Niko Njiani.

Jina hilo hakulipata bure. Shangazi akialikwa mahali, huwa anachelewa, na akichelewa, husema yuko njiani. Nimemsikia kwa masikio yangu. Amekaa kwenye mkeka wetu, viatu hajavaa, mtoto anamtapikia begani, simu inalia. Anapokea. "Niko njiani, niko njiani, nimeshafika hapo kona!" Kisha anakata simu, ananiangalia, anacheka kwa aibu. Nami nilikuwa nacheka. Nani asiyesema hivyo? Hata mimi nimesema. Tunaona ni adabu, kwamba kumwambia mwenyeji wako "sijatoka" ni kama kumwambia chakula chako hakina thamani.

Sababu ya kuchelewa kwake ilikuwa moja tu. Hapa kituoni mlezi haondoki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mzazi wake, na lazima tubaki wawili. Sheria hiyo ya kubaki wawili imekuja kwa ajili yangu. Mimi nina presha, na siku moja nilianguka jikoni nikiwa peke yangu na watoto watatu. Mzazi aliyekuja alitukuta, mimi chini, wao wamekaa kando yangu wananipaka uji usoni wakidhani nimelala. Tangu siku ile mwenye kituo akasema, "Wawili, mpaka wa mwisho." Kwa hiyo wazazi wakichelewa, Shangazi naye anachelewa, na aibu ya kulieleza jambo hilo ndiyo iliyomfunza kusema yuko njiani.

Sasa huyu Shangazi ana kaka mmoja tu. Ni seremala, mtu mzima, amemzidi miaka mingi. Mama yao alifariki Shangazi akiwa hajaota meno yote, na kaka ndiye aliyemlea. Alikuwa anapika kwa sufuria moja, wanakula sahani moja, na kama mdogo wake yuko kisimani au shuleni, yeye hagusi. Ameoa, amezaa, amekuwa babu, na tabia ile hajaiacha. Dada yake akiwa mgeni wake, hata tonge halipiti mpaka amwone mlangoni. Watu wakimcheka, husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijapona mpaka aje."

Na huyo kaka ana ugonjwa wa sukari. Anachoma sindano asubuhi na jioni. Ile ya asubuhi haimalizi kazi asubuhi. Mchana bado imo mwilini inashusha sukari, na hapo lazima ikute chakula. Mwenye sindano hiyo akipitisha saa yake ya kula, anaanza kutoka jasho, anatetemeka, maneno yanamchanganyika, na asipowahiwa na kitu kitamu anaanguka. Mke wake analijua hilo kama anavyojua njia ya jikoni kwake. Mchana wao ni saa nane. Haisogei.

Mwaka jana walimwalika Shangazi mchana. Saa nane ilipofika hajatokea, wifi yake akapiga simu. "Nimeshafika kona," akasema Shangazi. Alikuwa hapa. Kaka akasema, basi tusubiri, si yuko kona? Baadaye kidogo wakapiga tena. "Niko hapo nje, nalipa nauli." Bado alikuwa hapa. Mke akamwambia mumewe aonje hata kipande cha ndizi. Akakataa. Nitakula vipi naye yuko hapo nje? Aliposimama kwenda kumfungulia mlango, miguu ikamkana. Aliangukia ukingo wa meza, akapasuka kichwa, akavunjika mkono wa kulia, mkono wa randa na msumeno. Hospitali alikaa wiki mbili. Ule mkono umepona, ila mbao nzito haubebi tena.

Wifi yake hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimwambia Shangazi maneno machache tu pale kwenye benchi la wodini. "Wifi, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini chakula changu hutakula tena, kwa sababu mume wangu atakufa akikusubiri."

Mwaka ukapita hivyo. Kaka na dada wakisalimiana kwa simu, basi. Shangazi alikonda. Nilikuwa namwombea kila alfajiri, namtaja kwa jina lake alilopewa na wazazi, maana niliona Mungu asije akachanganya mashangazi.

Hatimaye, wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, wifi yake mwenyewe ndiye aliyepiga. Akasema, "Kaka yako halali. Njoo Jumamosi, tule pamoja. Saa nane. Nimesema mara moja, wifi. Sitasema mara ya pili."

Jumamosi tunafunga saa saba mchana. Kutoka hapa mpaka kwa kaka yake ni mwendo usiofika saa nzima kwa basi. Hesabu ilikaa vizuri. Shangazi alikuja kazini na gauni lake la maua limekunjwa kwenye mfuko pamoja na matunda ya kupeleka. Asubuhi yote alikuwa anaimba. Kila mzazi aliyemleta mtoto alimwambia, "Leo saa saba kamili, mama, nakuomba. Leo saa saba." Wote wakaitikia.

Saa saba wakaja. Mmoja, wa pili, wote. Akabaki binti mdogo wa msusi, miaka miwili, mashavu kama maandazi, amelalia mdoli wake.

"Anakuja," akasema Shangazi. Ameshavaa gauni.

Tukangoja. Tukafagia palipokwisha fagiwa. Akampigia yule msusi.

"Niko njiani, Shangazi! Dakika tano!"

Dakika tano zikaja na kupita. Akapiga tena.

"Nimeshafika karibu kabisa, nifungulieni geti!"

Nikaenda nikafungua geti. Nikachungulia huku na huku. Barabara tupu, kuku wawili na mtu anasukuma baiskeli yenye pancha. Niliporudi nikamkuta Shangazi amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeshika mfuko wa matunda, mwingine umeshika simu.

"Bibi," akaniambia, maana na yeye huniita kama watoto. "Nikitoka sasa hivi nafika."

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nitabaki naye. Ni mtoto mmoja tu, na amelala."

Akaniangalia. Leo hii nikilikumbuka jicho lile machozi yananilenga. Aliangalia kibandiko kwenye mkono wangu, maana siku iliyopita nilikwenda hospitali, wakanitoa damu na kunipima presha, ikawa juu.

"Na ukianguka?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo, na mtoto naye yupo. Atakupaka uji." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akakaa chini na gauni lake zuri juu ya mkeka wenye makombo. "Siwezi kuondoka, Bibi. Na siwezi kubaki. Nikichelewa leo nimekwisha. Sina ndugu mwingine. Yule ndiye mama, ndiye baba."

Nikakaa naye. Mtoto akaamka, akatambaa, akaweka mdoli wake mapajani kwa Shangazi.

Simu yake ikaita. Si wito, ujumbe. Wifi yake ameandika, "Umefika wapi?"

Nikaona kidole chake kinavyokwenda. Hakukiamuru. Kilijua njia chenyewe kama punda anayerudi nyumbani. Kikaandika, *Niko njiani.*

Hakuyatuma. Aliyatazama yale maneno.

"Nikiandika hivi," akasema polepole, "watasubiri."

"Watasubiri," nikasema.

"Na kaka hatakula."

"Hatakula."

Akayafuta, herufi moja moja. Kisha akaanza kuandika mengine. Aliandika marefu, mpaka nikaenda jikoni nikarudi. Akanisomea. Alikuwa amemlaani msusi. Alikuwa ameeleza sheria ya kituo, presha yangu, safari ya mwenye kituo ambaye simu yake haikupatikana, na nauli iliyopanda. Alikuwa ameapa kwa Mwenyezi Mungu mara tatu. Mwishoni kabisa, chini huko, ndipo alipoandika kwamba huenda akachelewa kidogo.

Mimi shule yangu ni ya msingi, sikufika mbali. Lakini nilimwuliza kitu kimoja. "Shangazi, wifi yako yuko jikoni, sufuria iko motoni. Akisoma yote hayo, atajua apakue saa ngapi?"

Akaishusha simu mapajani.

"Mimi mpishi," nikasema. "Mpishi anataka saa. Kiapo hakipakuliki."

"Saa yenyewe siijui, Bibi! Nitamwambia saa gani? Huyu naye kila siku yuko njiani!"

Hapo akasikia alichosema. Niliona kabisa jinsi neno lile lilivyomrudia usoni. Akafuta machozi kwa pindo la gauni, akampigia msusi tena, safari hii akaiweka simu kwa sauti ili nami nisikie.

"Shangazi, niko njiani jamani, nimeshapanda..."

"Mama," akasema Shangazi kwa upole, kwa ile sauti ya kulaza watoto. "Hilo basi ulilopanda lina draya?"

Maana nyuma ilikuwa inasikika mashine ya kukaushia nywele, vuuu, vuuu, na mwanamke mmoja analalamika kwamba sikio lake linaungua.

Msusi akacheka kidogo. "Jamani Shangazi."

"Sikugombezi, mwanangu. Mwanao yuko salama, amekula, anacheza. Ila usiniambie uko njiani. Kuna mtu mgonjwa anasubiri chakula kwa ajili yangu. Niambie kweli ya Mungu. Una vichwa vingapi?"

"Viwili," akasema, kwa sauti ndogo. "Bibi harusi na dada yake. Nikiwaacha hivi, mmoja ana nywele nusu. Nilidhani nitawahi, wakaja wamechelewa wao."

"Utamaliza saa ngapi? Usinifurahishe. Niambie ile mbaya."

Draya ikazimwa. Nadhani alikuwa anaangalia saa ukutani. "Saa tisa nitakuwa hapo getini, Shangazi. Kabla ya hapo siwezi."

"Ahsante. Hilo ndilo nilikuwa nalitaka."

Akakata. Akahesabu kwa vidole juu ya tumbo la mtoto, mtoto akacheka akidhani ni mchezo. Kutoka saa tisa, basi, kutembea kile kipande cha mwisho: saa kumi. Akataka kuandika saa tisa na nusu. Nikamwona anaandika tisa, anasita, anafuta. Saa tisa na nusu ingependeza zaidi, lakini isingekuwa kweli.

Kisha kikaja kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Amwandikie nani? Kaka angemsamehe kabla hajamaliza kusema, ila kaka ndiye yule anayesubiri. Chakula kinapakuliwa na wifi. Saa ya kula inashikwa na wifi. Ambaye angemchukia ndiye aliyepaswa kujua kwanza. Aliandika, nami nikashika mtoto, nikamwomba Mungu bila kufumba macho. Ujumbe ule nimeusoma, aliniacha niusome:

*Wifi, nitachelewa. Sijatoka bado, niko kazini, mtoto mmoja hajachukuliwa. Nitafika saa kumi, si kabla. Tafadhali anzeni bila mimi, kaka ale saa nane yake. Matunda ninayo, msiyangoje. Nisamehe.*

Basi. Akatuma. Ilikuwa bado nusu saa ifike saa nane, chakula kilikuwa hakijapakuliwa. Akaiweka simu chini, akairudia, akaiweka tena. Ujumbe ukaonyesha umesomwa. Hakuna jibu. Kimya kile! Mtoto alikuwa anagonga sufuria yangu kwa kijiko, na mimi nasema nilisikia kimya.

"Amesoma," akasema Shangazi. "Amesoma, Bibi, hajibu. Nimemaliza. Sasa amejua sikutoka. Angalau zamani alikuwa hajui."

Alikuwa amekaa ameshika magoti, anajitikisa mbele na nyuma kama mfiwa. Nikamwekea mkono mgongoni.

Ndipo simu ikaita. Kaka.

Akaipokea, bado iko kwenye sauti kubwa. "Mdogo wangu," ikasema sauti nzito, yenye uchangamfu wa mtu anayejikaza. "Usiwe na wasiwasi. Fanya kazi yako. Mimi nitakusubiri."

"Kaka, usinisubiri."

"Saa kumi si mbali."

"Kaka, nimeomba uanze bila mimi."

"Nimekusikia. Na mimi nakwambia, katika nyumba yangu wewe hukuti sahani chafu. Nikale kama mbwa anayevizia? Leo umerudi kwangu baada ya mwaka mzima, halafu nikupokee kwa mifupa?"

Shangazi akafumba macho. Unajua, mtu anaweza kuuawa kwa chuki, na anaweza pia kuuawa kwa mapenzi, na haya ya pili hayana pa kushtaki. Akaisogeza simu mdomoni.

"Kaka, siku ile niliposema niko kona, nilikuwa nimekaa hapa hapa. Kwenye mkeka huu. Sikuwa kona. Sikuwa nje. Nililipa nauli gani? Nilikudanganya, ukasimama kumfungulia mlango mtu asiyekuwepo."

Nadhani walikuwa wanajua, wifi alijua tangu zamani. Lakini kulisikia ni kitu kingine.

"Leo nakwambia sijatoka," akaendelea, "ili usisimame. Saa kumi. Mchana wako ni saa nane. Ukinisubiri, nikifika nitakukuta chini. Nitakuja kwako vipi, Kaka? Nitafungua ule mlango kwa mkono gani?"

Kaka akakohoa. "Mimi mwanamume, saa mbili tu..."

Hapo ikasikika sauti ya mwanamke, karibu na simu. Wifi. "Nipe." Kisha, "Wifi."

"Abee, wifi."

"Kweli hujatoka?"

"Sijatoka, wifi. Huyu hapa." Akainua simu kuelekea kwa mtoto. Mtoto naye, kama ametumwa, akaigonga sufuria kwa nguvu zake zote, akasema, "Ubuu! Ubuu!" yaani uji.

Nikasikia wifi anavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu. "Nimesikia," akasema. Kisha akaongeza, "Ungesema uko njiani, huyu ningemshika kwa mkono gani? Angesema si yuko njiani. Saa kumi naweza kumwonyesha ukutani." Hakusema kwa utamu. Alisema kama mtu anayehesabu mboga. Kisha, si kwetu, kwa mumewe: "Mzee, umesikia mwenyewe. Haji sasa. Hakuna wa kumfungulia. Kaa."

"Lakini..."

"Nimesema kaa. Napakua."

Simu ikakatwa.

Tukabaki tunatazamana. Hatukujua kama amekula. Mtu kukaa mezani si kula, na yule mzee kichwa chake ni mbao ngumu kuliko zote alizowahi kupiga randa. Saa nane ikafika. Ikapita. Shangazi hakupiga simu. Nilimwambia piga, akatikisa kichwa. "Nikipiga atasimama kuipokea. Nimeshasema nilichonacho. Sasa ni juu ya Mungu na wifi." Akambadilisha mtoto nepi. Akaimba ule wimbo wa kulaza, sauti imemkauka, mtoto akalala, yeye akaendelea kuimba.

Saa tisa ikagonga. Msusi hayupo.

Shangazi hakungoja kuambiwa. Akampigia. "Kichwa gani umefika?" Akajibiwa kwamba cha mwisho, nusu saa, kweli, Shangazi, kweli kabisa. Basi, kabla hata ya kuweka simu chini akaandika kwa wifi, maneno machache kuliko ya kwanza: *Si saa kumi tena. Saa kumi na nusu. Bado sijatoka.*

Safari hii jibu likaja. Neno moja, *Sawa.* Halikusema kama kaka amekula. Shangazi alilisoma lile neno upande huu na upande huu kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko mtupu. Kwa kweli ile nusu saa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Niliona uso wake umekuwa wa majivu, nikadhani leo nitaanguka mimi na yeye pamoja, mtoto atatupaka uji wote wawili.

Msusi akaja akikimbia, viatu mkononi, poda ya bibi harusi kwenye kifua. Alitaka kuomba msamaha, alikuwa ameanza hadithi. Shangazi alimpa mtoto, akamshika shavu, akasema, "Ulisema kweli, ahsante," akatoka. Nilimwona kwa mgongo, gauni la maua lina makombo nyuma, anakimbia kwa namna ya watu wasiojua kukimbia.

Yaliyobaki alinisimulia Jumatatu, tukiwa tunamenya viazi.

Alifika saa kumi na nusu, kama alivyosema. Alisimama mbele ya ule mlango na hakuweza kubisha. Akawa anasikiliza kama kuna kilio ndani. Wifi ndiye aliyefungua, alikuwa amemwona dirishani. Hakumkumbatia. Aliangalia saa ukutani, akamwangalia yeye, akasema, "Ingia."

"Kaka?"

"Amekula."

Shangazi anasema aliketi pale pale, kwenye kigoda cha kuvulia viatu. Wifi akasimama kando yake, mikono kiunoni. "Nilimpakulia saa nane. Akaangalia chakula. Nikamwambia, wewe ukitaka dada yako akukute mzima, kula, na ukitaka akukute kama siku ile, acha. Akala. Analia huku anakula, wifi. Mwanamume mzima. Kisha akajifungia chumbani, anasema amekula kama mwizi, atakutazama na uso gani. Mpaka sasa hajatoka."

"Hajanikasirikia?"

"Hajakukasirikia wewe. Amejikasirikia mwenyewe." Akachukua ule mfuko wa matunda mkononi mwake. Akaongeza, akiwa amegeuka, "Mimi ndiye niliyekuwa nimekukasirikia. Nimechoka kukasirika."

Akaenda jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa. Shangazi akadhani atamwekea mezani. Akamkabidhi mkononi. "Nenda naye chumbani. Hapa mezani hatakuja."

Basi Shangazi akaenda, akabisha kwa kiwiko, sahani mikononi. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo mlangoni, ule mkono uliovunjika umelala mapajani. Hakugeuka. Hakusema karibu. Shangazi naye hakuomba msamaha tena, alikuwa ameshaomba mara moja na ilitosha. Aliketi sakafuni, miguuni pake, kama walivyokaa utotoni, akafunua sahani. Chakula kilikuwa kimepoa. Akala. Alikuwa na njaa tangu asubuhi, anasema hajui kama alitafuna.

Vidole vikawa vinakwaruza sahani. Kaka akageuza kichwa kidogo, akamtazama anavyokula, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikafika nusu.

"Chumvi imetosha?" akauliza.

"Imetosha, Kaka."